Kurasa Tatu za Sarajevo

Mwongozo wa kusahihisha niliuandika mwenyewe. Swali la mwisho lilikuwa na alama ishirini: "Kwa nini Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914? Tenganisha sababu za muda mrefu na tukio lililoiwasha." Kumi na sita kwa sababu za muda mrefu, nne kwa tukio.

Msichana wa dawati la mbele alihitaji kumi na mbili ili aendelee na historia mwaka ujao. Somo jingine hakulitaka.

Alijaza kurasa tatu. Dereva aliyepotea njia mjini Sarajevo, gari lililosimama mbele ya muuaji, risasi mbili, mrithi wa Austria-Hungaria na mkewe. Kisha masharti kwa Serbia, na vita mwezi mmoja baadaye. Kosa halikuwapo. Miungano ya kijeshi aliipa sentensi moja. Mashindano ya silaha, ugomvi wa makoloni na utaifa wa Balkani, hakuna hata neno.

Msahihishaji wa pili, ambaye wanafunzi humwita Bi Rula, alisoma amesimama.

"Nne za tukio, mpe zote. Moja ya miungano. Tano."

"Dada, anaandika kama alikuwepo."

"Basi akatoe ushahidi mahakamani. Hapa tumeuliza kwa nini. Ulaya ilivuka migogoro ya Moroko na ya Balkani bila vita kubwa. Risasi inaeleza kwa nini wakati ule. Haielezi kwa nini bara zima liliingia."

"Najua."

"Wewe unajua. Yeye je?"

Kesho yake msichana alikuja ofisini na daftari lake.

"Shikamoo, mwalimu. Ni maneno yako haya?"

Vipindi vinne vya Sarajevo, na chini yake, kwa mwandiko safi: "Bila risasi ile, vita isingekuwapo." Niliyasema ili darasa linyamaze, na lilinyamaza. Miungano niliigusa dakika kumi kabla ya kengele.

"Ni yangu."

"Basi nimekosea wapi?"

"Umejibu nilichofundisha. Hukujibu kilichoulizwa."

Nilimwuliza Bi Rula kama tungeweza kulifuta swali. Alinyoosha kidole kwenye orodha: wanafunzi tisa walikuwa wamesoma kitabu wenyewe na kulijibu vizuri.

"Uwanyang'anye hao ili ufunike la kwako?"

Tano ikabaki tano.

Nilipomwambia, msichana hakulia. Aliuliza, "Hizo sababu za muda mrefu ni zipi?" Nikamweleza: nchi zilizofungana kwa mikataba, moja ikipigana zote zinavutwa, majeshi yaliyokuwa yakikua mwaka hadi mwaka, majimbo yaliyotaka kujitenga. Nikamwambia ajiulize kila mara: mrithi yule asingeuawa, jambo hili lingekuwapo bado?

"Mikataba ingekuwapo," alisema. "Na silaha. Wangepata cheche nyingine."

Alielewa kwa nusu saa. Nusu saa hiyo nilikuwa nayo tangu muhula wa kwanza, nikaitumia kusimulia gari.