Mikono Juu

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, ghala langu lilivunjwa, na sikuokoa hata kipande cha pagne, vile vitenge nilivyokuwa nikiuza. Kilichobaki kilikuwa bale moja la kitambaa lililokuwa bado njiani. Nikampigia dereva simu asipande tena kaskazini, aje nalo Lubumbashi kupitia mpaka wa Mokambo, nami nikapanga chumba huko, mtaa wa Bel-Air, kulisubiri. Bale lile ndilo lililokuwa biashara yangu yote. Likiuzwa, mimi Joséphine naanza upya. Likikosa mnunuzi, Joséphine anakula kwa shemeji na kusimangwa.

Kilikuwa kitambaa cha kupendeza, wallahi nisidanganye. Buluu nzito kama wino kwenye ukingo mmoja, ikififia polepole kuvuka upana wake hadi ukingo wa pili, ambako inabaki nyeupe yenye kivuli tu cha buluu. Fundi akikigeuza upande, gauni linakuwa zito shingoni na jepesi magotini, na kila mkono unafifia vivyo hivyo kutoka begani hadi kiganjani.

Lakini bale lilikwama mpakani, na wateja wa siku hizi wananunua kwa macho ya WhatsApp. Nilikuwa na sampuli ndogo tu. Chadrack, mpiga picha wa jirani, akasema hilo si tatizo. Akampiga picha binti wa shemeji, Léa, amevaa gauni jeupe, ameinua mkono mmoja juu kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara, wa pili ameuficha mgongoni. Kisha akalipaka gauni rangi kwenye kompyuta.

Nilipoiona picha nikakunja uso. Rangi ilikuwa imeshuka kutoka juu ya picha hadi chini, kama maji yaliyomwagwa ukutani. Kwa kuwa mkono wa Léa ulikuwa juu ya kichwa, kiganjani ndiko kulikokolea kuliko kote, na begani kukapauka.

“Chadrack, rangi inapashwa kufuata kitambaa, haiko photo,” nikamwambia. “Mukono uko na mwanzo yake ku bega. Hata akiuinua, bega njo inabakia nzito.”

“Mama Jo, nani ataangaria ile? Iko muzuri! Nilisha kuituma.”

Ameshaituma! Nilitamani kumzaba kofi. Kabla sijamaliza hasira, Mama Mujinga wa Ruashi, aliyekuwa akimwoza binti yake, akajibu kwamba analitaka bale zima, sare ya ukoo wote. Nikamweleza kwa simu kwamba mikono haitakuwa vile. Akasema ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu anayekaanga samaki. Nami nikajiridhisha kwamba amesikia, maana nilitaka sana awe amesikia.

Bale lilipotoka nikalipeleka moja kwa moja kwa fundi wa Mama Mujinga, Constantin, nikarudi Mokambo kumalizana na wale wa forodha. Niliporudi Ruashi, magauni yalikuwa yameshashonwa. Wasichana wa ukoo walisimama uani kwa Mama Mujinga wameyavaa, na hakuna aliyecheka.

Vifundoni mwa mikono buluu nzito, imelala juu ya sketi iliyopauka. Ungedhani kila msichana ameazima mikono ya gauni lingine.

“Weye Constantin, ulifanya nini?” nikauliza.

“Mama Mujinga alisema: sawa ku photo, usibadirishe kitu. Mi nilikata sawa ku photo.” Akanionyesha picha kwenye simu. Alikuwa ameutenga ukingo mzito wote kwa ajili ya viganja, kisha akaanzisha kifua pale buluu inapoanza kulegea. Kazi safi kabisa. Mikono haikuweza kupinduliwa, maana ilikuwa imeshakatwa mipana begani na myembamba chini, na kitambaa kilikuwa kimekwisha.

“Hii haiko ile nilichagula,” akasema Mama Mujinga. “Sitaichukua.”

“Iko yenyewe!” Constantin akawageukia wasichana. “Muinue mikono. Yote mbili. Mumuonyeshe.”

Wakainua. Na kweli, Mungu wangu, buluu ikashuka kutoka viganjani, ikapita mabegani, ikafika magotini bila kukatika popote. Ilikuwa picha ya Chadrack, hai, imejaa ua mzima.

“Sasa bataingia ku misa mikono yulu?” Mama Mujinga akauliza. “Sawa bantu ba kukamatwa?”

Wasichana wakaangua kicheko. Mimi niliitazama mikono ile. Hivyo ndivyo nilivyotoka Goma, mikono juu mbele ya bunduki, mabega yakiniuma, nikimwomba Mungu nisiishushe kabla ya kuruhusiwa. Pale uani hakuna aliyelijua hilo, na sikutaka walijue.

Mama Mujinga alikuwa bado anatazama. Uso wake ulikuwa umeanza kulainika kwa uzuri ule. Kama wangekaa hivyo kidogo tu, pengine angekubali. Niliyaona hayo waziwazi.

“Mushushe mikono,” nikawaambia. “Mushushe, tafazali.”

Wakaishusha.