Mizani ya Uwanja wa Ndege, Nachingwea

Karani Felisian alivisoma vyeti vyote viwili, cha kifo na cha kuchoma maiti, akaridhika. Kilichomkera ni chombo. "Fundi Jivan, ndege haipokei majivu kwenye chungu cha shaba kilichofungwa kitambaa. Yakimwagika je? Mdomo uzibwe kabisa."

Jivan hakuwa na nguvu ya kubishana. Mwaka mzima alikuwa amemuuguza kaka yake Maganlal, kisha akamchoma kwa kuni, kama Wahindu wafanyavyo. Sasa alikuwa akimpeleka kwao India, akamwagwe mtoni. Akajikokota mpaka mjini, kwa Mbaruku fundi bati, aliyekata kifuniko na kukilehemu pande zote.

"Hapo sawa," Felisian alisema Jivan aliporudi. "Utampakata mwenyewe, hatawekwa na mizigo. Ila kila abiria tunampima uzito. Mweke chini, upande mizani."

"Chini hawekwi mpaka afike mtoni." Hata nyumbani chungu kilining'inia mtini, kisiguse ardhi. "Nikimweka, nitakuwa nimemtupa njiani."

"Jamani, na rubani ananingoja! Haya, pandeni wote wawili."

Jivan akapanda, kakumbatia chungu. Mshale ukayumba, ukatulia. Felisian akaandika, kisha akautazama tena, hasira ikamwisha. Jivan naye aliuona. Mwaka jana, kabla ya ugonjwa, alipanda mizani hiyohiyo akienda Dar es Salaam peke yake, na mshale ulikwenda mbali.

Leo, akiwa na kaka yake mikononi, haukufika pale.