Gigabaiti Mbili na Nusu za Mwalimu Melkiadi

Tangu Jumanne Hadija alikuwa akivuta faili moja tu. Na asikudanganye mtu, kuvuta faili la gigabaiti mbili na nusu kwa mtandao wa Babati ni kazi ya mtu mwenye moyo. Linapanda asilimia tatu, mtandao unakata. Unarudi, programu inaendelea pale pale ilipoachia, linapanda asilimia mbili, umeme unakatika. Kama ingekuwa lazima kuanza mwanzo kila mara, Hadija angekuwa ameshafunga hilo duka la ufundi simu karibu na stendi akaenda Maisaka kulima vitunguu.

Mwenye shida alikuwa Mwalimu Melkiadi, kiongozi wa kwaya kutoka Bonga. Simu yake iliishiwa chaji katikati ya kusasisha mfumo, na tangu hapo ilikuwa ikiwaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena. Ndani yake kulikuwa na nyimbo kumi na nne alizotunga na kuzirekodi mwenyewe, sauti baada ya sauti. Hakuandika hata moja.

"Nota sizijui, binti," alikiri siku ya kwanza. "Mimi najua kusikia." Kwaya ilikuwa inaondoka Jumamosi alfajiri kwenda kwenye tamasha Mbulu, na wimbo wa mwisho, ule mpya, sauti ya tatu ilikuwa imemtoka kichwani kabisa.

Dawa ilikuwa kuiandikia simu mfumo upya bila kugusa upande wenye mafaili ya mwenyewe. Nyimbo zingebaki salama. Lakini kwanza lipatikane faili la mfumo, zima.

Ijumaa saa nane mchana likafika asilimia mia. Melkiadi, aliyekuwa amekaa kwenye stuli tangu asubuhi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, akapiga makofi.

"Haleluya! Weka sasa."

"Subiri, Mwalimu. Bado nihakiki."

"Uhakiki nini? Si limeisha?"

Hadija akafungua ukurasa wa kampuni iliyotengeneza simu. Chini ya jina la faili kulikuwa na alama ndefu, herufi na tarakimu sitini na nne. Akaiamuru kompyuta isome faili lake lote na kutoa alama yake. Kama mafaili ni yale yale, alama zitalingana. Ikibadilika herufi moja tu huko ndani, alama nzima inageuka.

Kompyuta ikasaga, ikasaga, ikatoa jibu. Ya kampuni ilianza na tisa. Yake ilianza na herufi c.

"Lo!" Hadija akasema, na moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili.

Mudy, anayeuza makava na vocha kibanda cha jirani, alikuwa ametoka msikitini muda huo. Akachungulia. "Dada Hadija, ukubwa je?"

"Ukubwa ni uleule. Hata baiti moja haijapungua."

"Sasa si basi! Weka tu, ikikubali imekubali."

Melkiadi naye akasogeza stuli. "Weka, mwanangu. Mungu atasaidia."

Hapo ndipo Hadija alipochemka. "Mwalimu, wewe ukinunua gunia la mahindi, mizani ikisema kilo mia, hutumbukizi bambo uchote ya katikati uyaone? Si kuna watu wanatia mchanga katikati? Uzito ni uleule, ugali utakula?"

"Ugali sitakula," Melkiadi akakubali kwa sauti ndogo.

"Basi. Na hii simu yako ya bei nafuu haikagui inachopewa, inameza tu. Nikiipa mfumo mbovu inaweza isiwake tena kabisa, na nyimbo ndio kwaheri."

Hakuwaambia kwamba mwaka jana aliwahi kufanya hivyohivyo. Simu ya mama mmoja wa Nakwa, faili lililoonekana zima, haraka zake tu. Ile simu ilikufa mkononi mwake, na yule mama mpaka leo akipita dukani anatazama upande wa pili. Hadija alisikia aibu ile ile ikimpanda shingoni.

Lakini kuanza upya kungechukua siku tatu nyingine, na mazoezi ya mwisho ya kwaya yalikuwa saa kumi na mbili jioni. Melkiadi akavua kofia, akaishika mapajani. Afadhali angelalamika.

Hadija akajilazimisha kufikiri. Mtandao kukata peke yake hakuharibu kitu. Programu inahesabu ilichonacho na kuomba kinachofuata. Sasa mchanga umeingia wapi? Alama haisemi. Yenyewe inajua kukataa tu.

"Mudy," akasema ghafla, "asubuhi kifurushi changu kilipoisha, ulinitilia kingine saa ngapi?"

"Saa nne hivi. Nilikuwa na mteja. Samahani bwana, si nilishasema samahani?"

"Sikugombezi! Kwa hiyo kati ya kuisha na kutiliwa, nilikuwa napata nini?"

Wote wanajua unachopata. Ukifungua tovuti isiyo na alama ya kufuli huku huna kifurushi, mtandao unakuletea ukurasa wao wenyewe badala ya ulichoomba. Na lile faili lilikuwa kwenye tovuti ya namna hiyo, tena kwa programu ya kupakua ya kizamani, isiyouliza inaletewa nini. Kinachokuja inakibandika mwishoni, kisha inaendelea.

Akalifungua faili kwa programu inayoonyesha baiti zake, akatafuta neno moja: kifurushi. Katikati ya takataka za herufi zisizosomeka, Kiswahili safi kikatokea.

"Ndugu mteja, kifurushi chako kimeisha."

Mudy alicheka mpaka akashika mlango. "Umetaka kuiwekea simu tangazo la vocha!"

"Kumbe ndiyo maana ukubwa haukubadilika," Hadija akasema, naye akicheka kwa furaha tupu. "Ukurasa umekalia nafasi ya kipande cha faili, na kipande chenyewe hakikuja." Akatafuta tena tangu mwanzo, kama kuna ukurasa mwingine. Hakuna. Huo mmoja ulikuwa kwenye asilimia tisini.

Akanakili faili pembeni kwa usalama, akalikata kabla kidogo ya hapo ulipoanzia, mkia wote akautupa. Kisha akaiambia programu iendelee. Ikaona inachopungukiwa, ikaomba asilimia kumi za mwisho. Safari hii Mudy alisimamia kifurushi kama askari wa zamu. Mtandao ukakata mara mbili, ukarudi mara mbili.

Saa kumi na moja kasoro likaisha. Hadija akatoa alama upya na kumpa Melkiadi ile ya kampuni aisome kwa sauti. Mwalimu wa kwaya ni mwalimu wa kwaya. Alizisoma zote sitini na nne kwa kuimba, na Hadija akafuata kwa kidole kwenye kioo. Hakuna iliyokosea.

"Sasa naweka," akasema.

Simu ikaandikwa. Ikawaka, ikaonyesha nembo, na wote watatu wakazuia pumzi. Nembo ikaondoka. Ikaja picha ya ng'ombe wa Melkiadi.

Mwalimu akafungua wimbo wa mwisho, na sauti yake mwenyewe ikajaza duka, sauti ya tatu, ikishuka taratibu mahali alipokuwa amepasahau. Mzee akalia waziwazi, mbele ya wateja wa Mudy. Akaurudia mara tatu, akitikisa kichwa, mpaka akaanza kuuimba bila simu.

Kisha akavaa kofia na kumshika Hadija mkono kwa mikono yote miwili.

"Binti, ungenisikiliza pale saa nane, ningekubariki palepale. Na jioni hii ningekulaani."

"Ningestahili, Mwalimu," Hadija akasema. "Haya wahi, wanakusubiri."