Sentensi ya Fundi Cherehani

Jibu lilikuwa sahihi. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikalisoma tena nikiwa nimekaa, na kila mara nililiona vilevile, neno kwa neno kama lilivyo kwenye habari waliyopewa wanafunzi kusoma. Hata nukta ilikuwa mahali pake. Lakini mwalimu alikuwa amelikata kwa wino mwekundu na pembeni ameweka sifuri.

"Bibi, sikukosea hata herufi," mjukuu wangu alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake mgongoni, kama mtu ambaye hajaambiwa kama akae au aondoke.

Swali lilikuwa na alama mbili, na zile mbili ndizo alizopungukiwa. Aliyepungukiwa hurudia mtihani wa kusoma Ijumaa, na akianguka tena, hapandi darasa na wenzake. Anabaki palepale mwaka mzima.

Na hilo silo lililonikausha mate. Binti yangu, shangazi yake, alishasema: mtoto akirudia darasa, atamchukua akakae kwake. Baba wa mtoto, ambaye ni mwanangu na yuko kazini mbali, alikubali. Jioni ile binti yangu alipiga simu kabla sijavua viatu.

"Mama, vipi majibu?"

"Kuna swali moja wamelikosea wao."

"Wamekosea wao!" Alicheka kidogo. "Mama, huyo umemfundisha kukariri tu. Hapo kwako ni sala na kukariri, kukariri na sala. Tulikubaliana, eh?"

"Tulikubaliana Ijumaa ipite."

Tangu marehemu mume wangu atangulie, nyumba hii ina sauti mbili tu, yangu na ya huyu mtoto. Ninamwita Kasuku, maana sala ndefu alizishika zote akiwa hajaota meno ya mbele, bila kuongeza wala kupunguza. Ndivyo nilivyomlea: useme ulichosikia, usiongeze lako. Usiku ule niliomba, lakini mawazo yalikuwa yanakimbilia kwenye chumba chake kikiwa kitupu.

Asubuhi nilijitanda vizuri, nikaenda shuleni. Mwalimu wake, ambaye wanafunzi humwita Mama Miwani kwa sababu miwani yake inaning'inia kwenye kamba shingoni, alinikaribisha kwenye chumba cha walimu. Alisukuma rundo la madaftari nipate pa kuweka mikono. Nilimwekea karatasi mbele yake kabla hajaniuliza habari za nyumbani.

"Mwalimu, kwa heshima zote, mtoto ameonewa."

Hakukasirika. Alivaa miwani, akanisomea ile habari kwa sauti. Fundi cherehani amekaa mlangoni. Chai yake imepoa hajaigusa. Kila pikipiki ikilia barabarani, anasimama, anachungulia, anakaa. Nguo iko mapajani, sindano haina uzi.

"Swali linasema: fundi alikuwa katika hali gani? Na mjukuu wako akaandika, 'Kila pikipiki ikilia barabarani, anasimama, anachungulia, anakaa.'"

"Si ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Basi kosa liko wapi?"

Alivua miwani. Aliangalia meza ya pili, akaniuliza, "Mama, mwenye meza ile yuko wapi?"

Nilitazama. "Ametoka sasa hivi. Anarudi."

"Nani kakwambia?"

"Si chai yake hiyo inatoa mvuke? Na kalamu kaiacha wazi, na koti liko kwenye kiti."

"Sasa ningekuuliza yuko wapi, ukanijibu, 'Chai inatoa mvuke,' ungekuwa umenijibu?"

"Ungeniona nimechanganyikiwa."

"Chai ni dalili. Jibu ni kile dalili inachokuonyesha. Mtoto amenipa dalili, tena nzuri, akaniachia mimi kazi ya kujua fundi ana nini. Hakuna mahali habari inaposema fundi ana wasiwasi. Hilo msomaji analitoa mwenyewe, halafu ndipo analishikiza kwa sentensi kama hiyo aliyonakili."

"Hata alama moja hastahili?"

"Ushahidi unalinda jibu, mama. Jibu halipo, unalinda nini?"

Lakini kitu kilikuwa kinanikwaruza. "Mwalimu, mimi nimemkataza kusema asichoambiwa. Huo si uzushi?"

"Ukisema mwenye meza ameenda kugombana na mkewe, huo uzushi. Chai haijasema hivyo. Ukisema atarudi, umeona."

Mlango ukafunguka, mwalimu wa kiume akaingia akipangusa mikono, akaketi pale kwenye koti na kumaliza chai yake. Mama Miwani alinikonyeza.

Nilirudi nyumbani sina nguvu za kugombana tena. Mtu akiwa amekosewa unamtetea. Huyu alikuwa na kosa la kweli, na Ijumaa ilikuwa karibu.

Jioni nilimwita Kasuku dirishani. Ng'ambo, jirani yetu muuza mkaa alikuwa anaanua nguo mbiombio, nyingine bado zinachuruzika maji.

"Kwa nini anaanua?"

"Anaanua nguo mbiombio," alisema.

"Nimeona hilo. Kwa nini?"

Akanikazia macho kama nimemtegea mtego. "Hajaniambia, Bibi."

"Hatakwambia. Tazama juu."

Akatazama mawingu. "Anaona mvua inakuja?"

"Umejuaje?"

"Wingu jeusi. Na nguo hazijakauka, ila anazitoa." Kisha akapata ujasiri uliopitiliza. "Na mumewe ni mvivu, hamsaidii."

"Hilo nguo zimekwambia?"

"Hapana," akasema, akacheka, mkono mdomoni.

Ijumaa nilikaa kwenye benchi nje ya darasa. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona mgongo tu. Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta tena hadi nikahofia karatasi itatoboka. Wenzake walitoka mmoja mmoja wakirushiana maneno, yeye bado. Midomo yangu ilikuwa inasali, lakini ukiniuliza ni sala gani, sijui.

Mwishowe Mama Miwani alimwita mezani, akasahihisha palepale. Kalamu nyekundu ikateremka, ikasimama muda mrefu. Halafu akaniita ndani.

Safari hii habari ilikuwa ya msichana aliyerudi nyumbani akakuta mlango wazi, sufuria inaungua jikoni, na kandambili moja ya mama yake katikati ya sebule. Swali: mama aliondokaje? Chini ya maneno mengi aliyoyafuta, Kasuku alikuwa ameandika: "Mama aliondoka kwa haraka sana, kwa sababu aliacha mlango wazi na chakula motoni, hata kandambili ikamtoka."

"Nilitaka kuandika amekimbizwa na mwizi," alininong'oneza. "Lakini mwizi hayumo."

Pembeni kulikuwa na mbili nyekundu. Niliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakagota mbao.

Tulipofika nyumbani simu ilikuwa inalia.

"Mama, vipi?"

"Amefaulu. Anapanda na wenzake."

Nilingoja acheke, au abishe. Nikasikia akivuta pumzi, na nyuma yake hakuna redio, hakuna mtu, hakuna hata sahani.

"Haya," alisema. "Mungu mkubwa. Sasa godoro nitalifanyia nini?"

"Godoro gani?"

"La mtoto. Nilishanunua. Na shuka zenye maua. Basi tu."

Nilimtazama Kasuku, ambaye alikuwa anavua kiatu, akainua shingo, anasikiliza.

"Njoo nalo likizo," nikamwambia binti yangu. "Tutalitandika chumbani kwangu. Ulale wewe."