Ombi Namba Kumi na Nne

Maombi yalikuwa arobaini na moja na nafasi moja tu, ya msimamizi wa ghala la dawa. Masijala walikuwa wameyafunika majina kwa karatasi ya gundi na kuyapa namba, maana Mkuu alishachoka kusikia habari za mtoto wa fulani na shemeji wa fulani. Afisa ajira akavua viatu chini ya meza, akachukua kalamu nyekundu, akaanza. Kazi hiyo alikuwa akiifanya mwaka wa tisa sasa, na ingawa alizoea kuilalamikia, moyoni aliipenda.

Namba tatu aliandika: "Mimi ni mchapakazi ninayejituma, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo." Namba tisa hivyo hivyo, mpaka nukta. Namba ishirini na mbili naye hivyo hivyo, ila yeye alisahau kufuta maelekezo ya kiolezo, akaacha palepale: andika hapa jina la kampuni. Afisa alicheka mpaka karani wa meza ya pili akageuka.

"Namba thelathini amepunguza hasara kwa asilimia thelathini na saba," akamwambia. "Namba kumi na moja naye thelathini na saba. Huyu duka la vitabu, yule karakana. Loo, hasara zimekaa kikao zikakubaliana!"

"Si uwatupe tu, dada?"

"Nani katupa? Kiolezo si wizi. Watu wangapi wanaijua kazi lakini kujieleza hawajui? Mimi nataka kujua kama nyuma ya hayo maneno kuna mtu."

Basi kila mwenye sifa za kazi aliyejificha nyuma ya maneno ya kuokota alitumiwa ujumbe mmoja: taja siku moja ulipofanya hilo unalosema, wapi, na nani aliona. Wengi walinyamaza kimya. Wawili walirudisha sentensi ileile, imeongezwa neno "sana". Lakini namba sita, ambaye wasifu wake ulikuwa kiolezo kitupu kuanzia juu mpaka chini, alijibu siku hiyo hiyo. Alisema akiwa stoo ya hospitali alikataa kupokea shehena ya dripu iliyobakiza wiki tatu muda wake uishe, akaambatisha picha ya hati ya kupokelea yenye tarehe, saini yake na ya dereva. Afisa hakupiga namba ya simu aliyopewa na mwombaji. Alitafuta mwenyewe namba ya mapokezi ya hospitali ile, akaomba kuunganishwa na mfamasia.

"Yule?" mfamasia akasema. "Alitugombanisha na msambazaji wiki nzima. Na alikuwa na haki."

Afisa akatia alama ya tiki, roho imemtulia.

Ndipo Mkuu akaingia na karatasi mkononi, tabasamu mpaka masikioni. "Namba kumi na nne umemsoma? Huyu hana mchapakazi wala shinikizo. Huyu ana tukio. Mhakiki upesi, nikimaliza mkutano nataka jibu."

Afisa akasoma. Jumapili umeme ulikatika, jenereta ikagoma. Makasha mia mbili na kumi na mawili ya chanjo yakahamishiwa kwenye chumba baridi cha msafirishaji maua wa jirani. Joto likaandikwa kila dakika kumi na tano, kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa sababu daftari lilikuwa limefungiwa ofisini. Hakuna hata kasha moja lililoharibika.

Akasoma tena.

Jumapili ile ilikuwa yake. Ni yeye aliyekuwa mtunza ghala, kabla hajahamia kazi hii, na ni yeye aliyegonga geti la muuza maua akiwa na kanga begani na kandambili miguuni. Kuhusu makasha ya chanjo, wenzake wa zamani walijua. Kuhusu karatasi ya kalenda, aliwasimulia watu wawili tu, mezani kwao nyumbani: mama yake na mdogo wake.

Mdogo wake huyo alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi. Kila Jumamosi afisa alikwenda kwa mama yao kumfundisha kuandika wasifu. Usiseme unajituma, mdogo wangu, sema ulifanya nini, wapi, nani aliona. Tena mdogo mtu alikuwa na lake la kweli: miaka miwili alitunza stoo ya viatu, na katika mahesabu yake haikupotea hata jozi moja. Nafasi hii ilipotangazwa afisa alimwuliza kama ataomba, ili amwambie Mkuu mapema na ajitoe, maana utaratibu ni kwamba mwenye ndugu hagusi maombi. "Siombi hapo, dada," mdogo wake akajibu, macho makavu. "Nisije nikakuharibia."

Na kuharibikiwa kwenyewe kulikuwa hapa mezani. Mtu yeyote wa ghala la zamani angeiona karatasi hii na kusema afisa kamwandikia nduguye. Miaka tisa ingekwenda na maji, na nani angemwamini akiapa hakujua?

Bado alitaka kukosea. Jamani, alitaka sana kukosea. Labda kuna mwenzake wa zamani aliyesikia. Akaenda masijala kuomba karatasi ya wadhamini ya namba kumi na nne. Ilisema: Meneja, Ghala Kuu, na namba ya simu. Kwa kawaida asingeipiga namba hiyo hata kidogo, lakini sasa alitaka kusikia nani yuko upande wa pili. Akaketi kwenye simu ya ofisi, akabonyeza tarakimu nne za mwanzo. Zilizobaki vidole vikazimalizia vyenyewe, bila yeye kuangalia karatasi.

"Ghala Kuu, Meneja anaongea," sauti ikasema, imekazwa, imepandishwa juu kidogo.

Afisa akafumba macho.

"Ndiyo, namfahamu," sauti ikaendelea bila kuulizwa. "Binti mwaminifu mno. Ile Jumapili ya chanjo alituokoa kweli kweli."

"Mama," akasema. "Ni mimi."

Redio ikasikika kwa mbali, ile ya jikoni, kisha ikazimwa.

"Sasa si useme," mama akasema kwa sauti yake mwenyewe, ameshusha pumzi. "Umenitisha bure."

"Mama, mmenichukulia siku yangu."

"Siku yako umeshaitumia, mwanangu, kazi unayo. Mwenzio hana. Kinakupungukia nini?"

"Na mkaweka namba yako! Mtu mwingine angepiga je?"

"Mwingine nani?" Mama alishangaa kwelikweli, wala hakuwa anamdhihaki. "Tulijua atakayepiga ni wewe. Ndiyo maana tukaiweka. Mtoto wangu mwenyewe atanikatia simu?"

Hapo ndipo ilipomchoma. Kwamba walikaa wawili, labda Jumamosi ileile baada ya yeye kuaga, wakampima, wakaona atakubali. Machozi yakamtoka, ya hasira kuliko ya huzuni, na karani akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Nakupenda, Mama," akasema, na akakata simu.

Nje ya mlango alimsikia Mkuu akitoka mkutanoni, akiuliza kama namba kumi na nne ameshahakikiwa. Afisa akafuta uso kwa kiganja, akavaa viatu, akaivuta fomu ya uhakiki. Kwenye nafasi ya uhusiano na mwombaji akaandika: mdogo wangu, tumbo moja. Kwenye nafasi ya mdhamini: mama yetu. Ikabaki nafasi ya ushahidi. Aliikalia kwa muda, kalamu hewani, kisha akaandika: tukio ni la kweli, aliyelifanya ni mimi.