Data Iliyovuka Mpaka

Ulikuwa kwenye benchi, ewe dereva, ukajifanya unasoma kalenda ukutani wakati mhasibu anamsukumia dereva mwenzako Kipara bili ya simu ya kazi, pamoja na fomu ya kumkata mshahara. Kipara alikuwa amevuka mpaka na lori huku data imewashwa, na laini ya kulipia mwisho wa mwezi haina salio la kuisha likamwokoa mtu. Inakula tu.

"Intaneti ya huko nje imezidi mshahara wako," mhasibu alisema. "Kampuni ya simu ilikutumia bei ulipovuka. Hukusoma?"

"Nilisoma, dada. Nikamuuliza msimamizi kama nizime."

Msimamizi alikuwa mlangoni na kikombe chake. "Kaka, sema ulikuwa unatazama mpira."

Mke wa Kipara alikuwa ameshamwahidi mwenye nyumba kodi. Kipara akafungua ujumbe wa sauti kwenye simu, na sauti ya msimamizi ikajaa chumba: "Usizime data. Nataka video ya mzigo kila kituo."

Msimamizi akacheka. "Huyo nilikuwa namtania. Waulizeni wenzake kama nimewahi kuwaagiza hivyo."

Mhasibu akageukia benchi. Ukarudi kwenye kalenda yako, kama ulivyofanya mwaka juzi alipokatwa mshahara Mzee Breki kwa bili ya namna hiyo hiyo.

Sauti ile imo kwenye simu yako pia. Mhasibu hajaisaini fomu bado, Kipara bado amesimama pale. Inuka sasa hivi, uifungue mbele yao.