Rangi ya Macho ya Hellen

Nestory aliiweka simu juu ya meza ya Zakia, pale studioni Mkuyuni, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeweka kitu cha moto.

"Iko humo, dada Zakia. Mimi sijaitazama tangu tumzike."

Video ilikuwa ya mkewe, Hellen, akishuka kwenye kivuko upande wa mjini, akitokea Kamanga alikokwenda kumsalimia mama yake. Nestory ndiye aliyeirekodi. Sasa misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikaribia, na familia ilitaka kumwona Hellen kwenye runinga nyumbani Butimba, baada ya chakula.

Zakia aliihamishia video kwenye kompyuta, akaifungua, akakunja uso. Hellen alikuwa amepauka. Uso, kitenge, ziwa, vyote vilikuwa kama vimepakwa majivu. Akaongeza tofauti ya mwanga na giza kwa haraka, kama alivyozoea kwenye video za harusi. Ikawa mbaya zaidi: uso ukaingia giza, na ziwa nyuma yake likageuka doa moja jeupe.

Akafuta alichofanya, akakagua taarifa za faili. Kumbe simu ilikuwa imerekodi kwa HDR: mwanga mwingi na rangi pana kuliko skrini ya kawaida inavyoweza kuonyesha. Programu yake haikulijua hilo. Iliisoma kama video ya kawaida, ndiyo maana ikapauka. Akaieleza programu video imetoka katika mfumo gani na inakwenda kwenye skrini ya namna gani. Kisha akaanza kuushusha ule mwanga mkali wa ziwani taratibu, ufifie kidogo kidogo badala ya kukatika na kuwa doa jeupe, huku uso wa Hellen akiuacha mahali pake.

Mawimbi yakarudi. Kitenge kikawa cha rangi ya chungwa. Hellen akacheka, akainua mkono kuziba kamera. "Acha bwana, zima!"

Zakia naye alikuwa ameanza kutabasamu, kisha akaacha. Macho ya Hellen yalikuwa ya manjano.

Alidhani amekosea rangi. Akatazama kitambaa kilichofungwa kichwani mwa Hellen: cheupe. Vyuma vya kivuko: vyeupe. Kosa halikuwa kwenye picha.

Akampigia Nestory. Alipofika, alisimama nyuma ya kiti akatazama mpaka mwisho. Hellen alifariki kwa ugonjwa wa ini. Walipofika hospitali waliambiwa wamechelewa.

"Nilikuwa nimesimama karibu hivi," alisema, akinyoosha mkono wake. "Nikamwambia amependeza."

"Kaka Nestory, jua lilikuwa kali. Usingeona."

"Unaweza kuyafanya meupe?"

"Naweza."

"Yafanye. Mama yake asije akayaona."

Zakia aliyazungushia macho alama, akaifanya ifuate kichwa kila kilipogeuka, akaondoa manjano yote. Ilikuwa kazi safi, lakini hakuipenda.

Siku mbili kabla ya misa, Nestory alimleta mama mkwe wake, Mama Paskazia, aione kwanza ili asishtuke mbele ya wageni.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Nishapoa."

Video ilipoisha, mama aliisogelea skrini. Halafu akasema, "Macho hayo umeyafanyaje?"

Zakia alimtazama Nestory. Nestory alikuwa ametazama chini.

"Siku hiyo ametoka kwangu," mama aliendelea. "Asubuhi nimemwona macho yana manjano. Nikamuuliza, akasema ni uchovu. Akanisihi nisikwambie wewe, Nestory, usije ukaacha kazi kumhangaikia. Nami nikamsikiliza. Nikamfungia karanga za kula njiani, nikamsindikiza mpaka kivukoni."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua, baba."

Nestory alikaa kwenye benchi kando yake. Zakia alitamani kutoka nje, lakini mlango ulikuwa upande wao.

"Na mimi nilikuwa na simu mkononi," Nestory alisema. "Nimemrekodi, mama. Sikuona."

Mama Paskazia alimshika mkono, wakalia pamoja, kila mmoja kwa lake. Zakia alizima sauti ya kompyuta.

Baadaye mama alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mrudishe alivyokuwa, mwanangu. Huyu mwenye macho meupe simjui."

"Wageni wataona, mama," Nestory alisema.

"Waone. Aliumwa, na alikuwa anacheka."

Zakia aliiondoa ile alama. Macho ya manjano yakarudi, na ziwa likiwa angavu nyuma yake. Nestory aliomba iwekwe tena tangu mwanzo. Safari hii aliitazama mpaka mkono wa mkewe ulipoziba kamera, akasema, "Iache hivyo," kisha akatoka nje, akasimama barabarani akiwa amewapa mgongo.